Simu inasema nimeokoa Sh1,800, mume wangu anasema tunapoteza

Mpendwa Mshauri,

Hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi South B, na ofisi yangu iko Upper Hill. Tangu mapema mwaka huu nimekuwa mwanachama wa programu moja ya kuagiza chakula. Nilianza na mwezi wa bure, na tangu hapo kadi yangu ya benki hukatwa Sh400 kila mwezi. Mwanachama haletewi chakula kwa malipo ikiwa oda imefika Sh1,000 na mkahawa umo katika orodha yao. Asiye mwanachama hulipa ada ya kuletewa, ambayo huku kwetu mara nyingi ni Sh150.

Mume wangu aliona ujumbe wa benki wa yale makato akaniuliza ni ya nini. Nilimfungulia programu nikamwonyesha pale palipoandikwa kwamba mwezi uliopita nimeokoa Sh1,800 kwa oda 12. Badala ya kufurahi alikasirika. Anasema kabla ya uanachama huu tulikuwa hatuagizi hivyo, na ni kweli, kwa sababu zamani nilikuwa nikiagiza kama mara 5 kwa mwezi: mara 3 chakula cha familia, na mara 2 chakula changu cha mchana ofisini ambacho hakifiki Sh700. Ijumaa iliyopita niliagiza kuku na chipsi. Risiti ilisoma Sh1,180 za chakula, Sh95 ada ya huduma, kuletewa bure, jumla Sh1,275. Yeye alipita kwenye mkahawa huo huo siku iliyofuata akarudi akisema kuku yule pale kaunta ni Sh1,000.

Nimejaribu kujiondoa, lakini kabla sijamaliza ukatokea ukurasa wa kunipa uanachama wa mwaka mzima kwa Sh3,600. Nikasita. Nahofia kwamba nikiacha nitaanza kulipa hizo Sh1,800 kila mwezi, na wakati huo huo mume wangu anasema ninaamini simu kuliko yeye. Tarehe ya kukatwa tena inakaribia. Nifanye nini?

Mama Wawili, South B

MSHAURI ANAJIBU

Dadangu Mama Wawili, asante kwa barua iliyojaa hesabu. Wengi huniandikia kwamba "pesa zinapotea" bila kuniambia ni ngapi wala zinapotelea wapi, lakini wewe umenipa risiti, na risiti hiyo moja inatosha kutuonyesha mengi.

Ningependa kwanza tuangalie hiyo Sh1,800, kwa maana ndiyo iliyozua mzozo nyumbani. Programu imeipata kwa njia rahisi sana: imechukua oda 12, ikazidisha kwa ada ya Sh150 ambayo asiye mwanachama angelipa, ikakupa jumla. Hesabu yenyewe haina kosa. Lakini kuna mambo mawili ambayo haikuyagusa. La kwanza ni zile Sh400 za uanachama, ambazo hukatwa upande mwingine kabisa, kwenye kadi, na ujumbe wake huja kutoka benki. Punguzo unalisoma kwenye programu na gharama unaisoma kwenye ujumbe wa benki, na hakuna ukurasa wowote unaoziweka mbili hizo pamoja. Ukiziweka pamoja mwenyewe, Sh1,800 zinakuwa Sh1,400.

La pili ni zito zaidi. Kusema mtu ameokoa pesa ni kulinganisha alichofanya na kile ambacho angefanya vinginevyo. Programu inachukulia kwamba bila uanachama ungeagiza oda zile zile 12 na kulipa ada kila mara. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hukuwa ukifanya hivyo. Kwa hiyo hofu yako kwamba ukijiondoa utaanza kulipa Sh1,800 kila mwezi inasimama juu ya dhana ambayo barua yako haiiungi mkono. Na ili nimtendee haki mume wako pamoja nawe, yeye naye ana dhana yake: kwamba uanachama ukiondoka, oda zote zilizoongezeka zitaondoka nao. Huenda ikawa hivyo, na huenda isiwe. Mmekuwa mkibishana kila mmoja akiwa ameshika swali lake. Wewe unalinganisha na kulipa ada ya kuletewa, yeye analinganisha na kupika nyumbani au kununua kaunta. Majibu yenu yote mawili yanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mzozo hauishi.

Tuanze basi na swali lako, lile la ada. Uanachama wa Sh400 na ada ya Sh150 kwa oda maana yake ni kwamba oda ya kwanza na ya pili hazijarudisha gharama, na oda ya tatu inairudisha na kubakisha Sh50. Kwa hiyo mtu ambaye kwa desturi yake ana oda 3 kwa mwezi zinazofikia Sh1,000 hapotezi, na mwenye zaidi ya hizo anaanza kupata. Kumbuka kwamba hesabu hii hubadilika na ada. Mkahawa ulio karibu nawe ukiwa unatoza Sh80 tu kuleta chakula, utahitaji oda 5 ndipo Sh400 zirudi. Mvua inaponyesha na waendeshaji boda wamepungua barabarani, ada hupanda, na huenda ukahitaji 2 tu. Fungua historia ya oda zako uone ada zilizokatwa mstari ni ngapi hasa, kwa sababu neno "mara nyingi" ulilotumia kwenye barua linaweza kuficha tofauti kubwa.

Sasa chukua desturi yako ya zamani, zile oda 5. Bila uanachama ulikuwa ukilipa Sh750 za kuletewa. Ukiwa mwanachama na ukaagiza vile vile, oda 3 za familia zingeletewa bure, kwa hiyo ungeokoa Sh450. Zile 2 za mchana hazifiki Sh1,000, kwa hivyo ungeendelea kuzilipia. Ondoa Sh400 za uanachama, unabaki na faida ya Sh50 kwa mwezi mzima. Hiyo ndiyo faida ya uanachama huu kwa yule mama uliyekuwa kabla ya kujiunga. Si hasara, lakini ni mbali sana na Sh1,800.

Hapo kwenye chakula cha mchana naomba usimame kidogo, maana ndipo wengi hutelezea bila kujua. Tuseme chakula chako ni Sh650. Ukiongeza ada ya Sh150 unalipa Sh800. Lakini programu inakuonyesha maandishi madogo kwamba ukiongeza Sh350 utaletewa bure, nawe unaongeza soda na kipande cha keki, unalipa Sh1,000. Umekwepa ada ya Sh150 kwa kutumia Sh200 zaidi ya ulizohitaji. Na kwenye ukurasa wa akiba, oda hiyo inahesabiwa kuwa imekuokolea Sh150. Tazama oda zako za mchana za miezi hii uone kama zilianza kukaribia Sh1,000 baada ya kujiunga. Kama soda na keki ulizitaka kweli, hakuna ubaya. Kama ziliingia kwa ajili ya kufikisha kiwango, basi utaziona zikijirudia risiti baada ya risiti, mara nyingi zikiwa za mwisho kwenye orodha.

Zimebaki oda 7 zilizoongezeka. Hizi ndizo zenye uzito, kwa maana kati ya Sh1,800 ulizoonyeshwa, Sh1,050 zimetoka kwazo. Ningekushauri uketi na simu yako, ikiwezekana pamoja na mume wako, mzipitie moja moja kwa tarehe. Kwa kila oda jiulize swali moja tu: jioni ile, kama uanachama haungekuwepo, tungekula nini? Utakuta majibu ya aina tofauti. Kuna siku wageni walifika bila taarifa au mtoto alikuwa mgonjwa, na ungeagiza hata kwa ada ya Sh150. Oda hiyo ihamishie upande wa zile za desturi, kwa sababu punguzo lake ni la kweli. Kuna siku ulitoka Upper Hill umechelewa, foleni ya Mombasa Road ikakumaliza, na bila programu ungepitia kibandani ukabeba chapati na maharagwe. Na kuna siku sukuma na nyama vilikuwa ndani ya friji, ila neno "bure" lilikuwa limeandikwa kwenye simu.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba 2 kati ya 7 ni za aina ya kwanza. Basi oda zako halisi zinazonufaika na uanachama ni 5, yaani zile 3 za familia na hizi 2. Sh750 ukiondoa Sh400 ni faida ya Sh350. Hiyo unaweza kumwonyesha mume wako bila wasiwasi. Lakini upande wa pili zimebaki oda 5 ambazo zimezaliwa na uanachama wenyewe, na kama kila moja ni sawa na ile risiti yako ya Ijumaa, hizo ni Sh6,375 zilizotoka. Si pesa zilizopotea zote, kwa sababu familia ilikula na kupika nyumbani pia kuna gharama ya unga, mafuta, gesi na muda wako. Kilichozidi ni tofauti kati ya Sh1,275 na kile ambacho chakula cha jioni hugharimu kwenu kwa kawaida. Hicho mnakijua nyinyi kuliko mimi. Nadhani hapo ndipo hasira ya mume wako ilipo, hata kama alianza kwa kuulizia zile Sh400.

Kuhusu kuku wa kaunta, mume wako amegusa jambo la kweli. Programu hizi hutoza mikahawa kamisheni kwa kila oda, na katika sehemu nyingi duniani kamisheni hiyo hufika karibu asilimia 30. Mkahawa ambao faida yake ni nyembamba haumudu kuibeba peke yake, ndiyo maana baadhi huweka bei moja kwenye kaunta na nyingine kwenye programu. Katika risiti yako tofauti ni Sh180. Ongeza ada ya huduma ya Sh95, unapata Sh275 ulizolipa juu ya bei ya kaunta kwa oda ambayo imeandikwa imeletwa bure. Uanachama umekupunguzia Sh150 kweli, kwa maana jirani yako asiye mwanachama angelipa Sh1,425. Ila haukuondoa gharama nyingine mbili, moja ikiwa imeandikwa kwenye risiti na nyingine ikiwa ndani ya bei ya kuku.

Hata hivyo ningemwomba mume wako naye asiifanye Sh1,000 ya kaunta kuwa jibu kamili. Yeye alikuwa amepita pale kwa shughuli zake. Jioni ambayo hakuna anayepita, mtu atapanda boda kwenda na kurudi, au atawasha gari, na nauli hiyo pamoja na nusu saa vinaweza kumeza Sh275 zote. Njia ya tatu ambayo familia nyingi za Nairobi hutumia ni kupiga simu mkahawani moja kwa moja, kulipa kwa nambari ya till, na kumpa mwendeshaji boda wao nauli yake. Mara nyingi bei huwa ya kaunta. Hatari yake ni kwamba umelipa kabla ya kuona chakula, na kikija kimemwagika au kimepungua, utategemea uungwana wa mkahawa, hali kwenye programu kuna mahali pa kulalamika ukarudishiwa pesa. Kwa mkahawa mliouzoea hatari hiyo ni ndogo. Kwa mgeni, si ndogo.

Kuna kipimo kimoja ambacho kitawapa jibu bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Kama mume wako ana akaunti yake kwenye programu hiyo hiyo, kaeni sebuleni jioni moja mkiwa na simu zote mbili. Chagueni mkahawa mmoja, chakula kile kile, anwani ile ile, kisha nendeni hadi ukurasa wa malipo bila kubonyeza kulipa. Wekeni simu sambamba msome mstari kwa mstari: bei ya chakula, ada ya huduma, ada ya kuletewa, ada ya oda ndogo kama ipo, punguzo, jumla. Tofauti kati ya jumla hizo mbili ndiyo thamani ya uanachama kwa oda hiyo. Rudieni siku nyingine, hasa Ijumaa jioni yenye mvua, kwa sababu kuna uanachama unaofuta ada ya kawaida na kuacha nyongeza ya saa za shughuli nyingi ikiendelea kutozwa, na hilo hamtaliona siku ya kiangazi. Tahadhari moja: akaunti iliyofunguliwa leo haifai kwa kipimo hiki. Wateja wapya hupewa ofa za kuwakaribisha, na ofa hizo zitafanya simu ya mume wako ionekane nafuu kuliko ilivyo. Itumike akaunti ambayo tayari imeshaagiza mara kadhaa.

Nikigeukia ule uanachama wa mwaka, usione haya kwamba ulisita. Ukurasa ule umewekwa pale hasa kwa ajili ya mtu aliye karibu kuondoka. Kwa malipo ya kila mwezi, mwaka mzima ni Sh4,800, kwa hiyo Sh3,600 zinaonekana kuwa nafuu ya Sh1,200. Lakini Sh3,600 ni sawa na miezi 9 ya Sh400. Ukiacha kuutumia kabla ya mwezi wa 9 kuanza, ungekuwa umelipa pesa pungufu kwa mtindo wa mwezi mmoja mmoja. Na hesabu miezi yako ilivyo: Desemba mkienda ushago, programu haitawafuata huko. Aprili na Agosti shule zikifungwa, kama kuna msaidizi au nyanya nyumbani, huenda chakula kikawa kinapikwa kila siku. Mikahawa iliyo kwenye orodha ya wanachama nayo hubadilika, na kiwango cha chini cha oda kinaweza kupandishwa, wakati pesa yako imeshalipwa. Kabla ya kuukubali, soma mahali paliposema kama pesa hurudishwa ukijiondoa katikati ya mwaka. Kwa mtu ambaye tayari ana oda zake halisi 5 au 6 kila mwezi bila kujisukuma, mwaka unaweza kufaa. Wewe bado hujui idadi yako halisi, na ofa hiyo haina sababu ya kukuharakisha.

Nimeona wengine wakidhani kwamba jambo hili la akiba inayoonyeshwa kubwa ni la Kenya tu au la kampuni ndogo. Aprili 2025, tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wateja, FTC, iliishtaki Uber kuhusu uanachama wake wa Uber One, ambao bei yake huko ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Moja ya madai yake ni kwamba wateja waliahidiwa akiba ya dola 25 kwa mwezi bila kuondoa gharama ya uanachama wenyewe, na lingine ni kwamba kujiondoa kungeweza kumpitisha mteja kwenye kurasa hadi 23. Kampuni ilikanusha, ikasema watu wengi hujiondoa kwa sekunde 20 au pungufu. Sikuambii haya ili uishuku programu yako. Nakuambia ili umwonyeshe mume wako kwamba kuuamini ule ukurasa hakukuwa ujinga, kwa maana hata wanasheria wanabishana kuhusu namna ya kuusoma.

Sasa tarehe inayokaribia. Unazo njia kadhaa, na kila moja ina bei yake.

Unaweza kuuacha uendelee mwezi mmoja zaidi, mkiwa mmekubaliana kwamba ni mwezi wa kupima. Mtaandika kila oda na jibu la lile swali la "tungekula nini". Gharama yake ni Sh400 na subira ya mume wako. Hatari ni kwamba mwezi wa kupima huwa na tabia nzuri kuliko mwezi wa kawaida, kwa hivyo msishangae oda zikipungua kwa sababu tu mnaziandika.

Au unaweza kujiondoa sasa na kuishi mwezi mmoja bila uanachama. Mimi naona njia hii hujibu swali la mume wako vizuri zaidi, kwa sababu itaonyesha waziwazi kama zile oda zilizoongezeka zilitokana na uanachama au na uchovu wa kazi. Kama zitaendelea hata mkilipa Sh150 kila mara, mtajua kwamba uanachama ulikuwa ukiwapunguzia mzigo uliokuwepo. Kama zitarudi kuwa 5, mtajua pia. Hatari yake ni kwamba mwezi huo unaweza kuangukia msimu wa mvua ada zikiwa juu, na kwamba ukirudi baadaye huenda bei ya uanachama isiwe tena Sh400. Kwa upande mwingine, si ajabu kampuni ikakutumia ofa ya kukurudisha, maana anayeondoka hutafutwa.

Katika programu nyingi, ukizima malipo ya kujirudia leo, uanachama wako huendelea hadi mwisho wa kipindi ulichokwisha kulipia. Kwa hiyo huna haja ya kungoja siku ya mwisho, na kungoja kuna hatari, kwa sababu baadhi huhitaji ujiondoe saa 48 au zaidi kabla ya tarehe ya makato. Soma masharti ya programu yako kwa jambo hilo moja tu, utalikuta karibu na neno la kujiondoa. Kuifuta programu kwenye simu si kujiondoa, na kadi itaendelea kukatwa. Anayelipia kwa kadi ya M-Pesa GlobalPay badala ya kadi ya benki asidhani kwamba ataombwa nambari ya siri kila mwezi kama anavyoombwa anapolipa oda kwa M-Pesa ya kawaida. Kadi ikishahifadhiwa kwenye programu, makato yanayojirudia yanaweza kupita yenyewe ikiwa pesa zipo.

Ukiamua kujiondoa, pita kurasa zote za ofa hadi ufike mahali panaposema uanachama utakwisha tarehe fulani. Kama unaona neno "sitisha kwa muda" badala ya "ondoka", fahamu kwamba ni mambo mawili tofauti, kwa maana kilichositishwa kwa muda kitaanza tena chenyewe. Piga picha ya ukurasa huo wa mwisho, na hakikisha barua pepe ya uthibitisho imefika. Tarehe ya makato ikipita, angalia ujumbe wa benki. Ukikatwa tena, tuma picha hiyo kwa huduma ya wateja ya programu na uombe kurudishiwa, na wasipojibu, ipeleke kwenye benki yako na uwaambie unapinga makato hayo. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 hapa Kenya inamtaka anayeuza kupitia mtandao akueleze masharti kabla hujakubali na akupe nafasi wazi ya kukubali au kukataa, kwa hivyo una haki pia ya kuomba uonyeshwe ni lini na vipi uliyakubali malipo yaliyofuata ule mwezi wa bure.

Mume wako ukimkaribia kwa mazungumzo haya, usimfungulie tena ule ukurasa wa Sh1,800. Mfungulie historia ya oda, mwanzie na ile ya kuku wa Ijumaa, kwa sababu ile anaijua na bei ya kaunta aliitafuta mwenyewe. Mpe nafasi ya kusema ni jioni zipi kati ya zile 12 ambazo yeye pia alishukuru chakula kilipofika mlangoni. Huenda zikawa nyingi kuliko anavyokumbuka, na huenda ukakuta kuna ambazo hata wewe hukumbuki mlikula nini.